Notisi ya duka: mwezi wa kujibu si mwezi wa kuhama

*Salaam aleikum wakili. Mimi ni fundi wa nguo Kongowea, Mombasa. Duka nimelipanga tangu 2017 kwa mdomo tu, kodi ni 14,000 kila mwezi, nalipa kwa M-Pesa. Nimekutumia picha ya karatasi ya Kiingereza kutoka kwa mwenye nyumba. Kijana wangu wa kazi aliipokea Februari 3, mimi nilikuwa msibani Kilifi, nikaiona Februari 9. Binti yangu ameisoma akasema nimepewa mwezi mmoja nitoke. Ni kweli? Nisomee kwa Kiswahili na uniambie nifanye nini.*

Waaleikum salaam dada, na pole kwa msiba.

Hukupewa mwezi mmoja utoke. Binti yako ameuona mwezi mmoja, na kweli umeandikwa, lakini ni mwezi wa kujibu barua. Tarehe ya kutoka imeandikwa juu zaidi, nayo ni nyingine. Wapangaji wengi huzichanganya hizi mbili, na kila anayezichanganya hufungasha mapema bure au hunyamaza hadi nafasi ya kujitetea impite.

Kwanza nikusomee karatasi yenyewe. Picha yako imekatwa chini na kona ya juu ina kivuli, ila mwili wa notisi unasomeka. Majina na nambari ya ploti nimeziacha.

> NOTISI YA MWENYE NYUMBA YA KUVUNJA UPANGAJI AU KUBADILI MASHARTI YAKE
>
> Kwa mpangaji (jina lako).
>
> Mimi, mwenye nyumba, nakupa notisi kwamba navunja upangaji wako wa duka lililoko Kongowea, Mombasa, kuanzia tarehe 1 Aprili 2026.
>
> Sababu zangu ni hizi. Moja, nakusudia kulitumia duka hilo mimi mwenyewe kwa biashara yangu kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Mbili, umekuwa ukichelewa kulipa kodi mara kwa mara.
>
> Nakutaka unijulishe kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya kuipokea notisi hii, kama unakubali kuifuata au hukubali.
>
> Imeandikwa tarehe 26 Januari 2026.

Kichwa kinataja mambo mawili, kuvunja na kubadili, kwa kuwa fomu ni moja kwa yote mawili. Anayeijaza hukata kwa kalamu lile asilolihitaji. Kwenye picha yako naona mstari hafifu juu ya maneno ya kubadili masharti, kwa hiyo nimeisoma kuwa ni notisi ya kuvunja. Naomba uipige picha tena mchana, nje, karatasi ikiwa imelazwa juu ya meza na kona zote nne zikionekana, kisha uitume kwa WhatsApp kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na alama za kalamu nyembamba ndizo zinazopotea mwanzo. Geuza na nyuma pia, hata kama unadhani ni tupu. Mara nyingine mleta barua huandika huko tarehe na saa aliyoikabidhi.

Duka lako linalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, mahoteli na mikahawa. Duka kwa sheria hiyo si pahali pa kuuza bidhaa tu, hata pahali pa kutoa huduma kwa malipo ni duka, kwa hiyo cherehani zako zimo. Huna mkataba wa maandishi, na upangaji wa mdomo wa duka unaingia moja kwa moja kwenye ulinzi huo. Hata wenye mkataba wa maandishi wa miaka mitano au pungufu wanaingia. Ndiyo maana mwenye nyumba wako hakuweza kukupigia simu tu akakwambia utoke. Ilimbidi ajaze fomu hii, ataje sababu zinazokubaliwa na sheria, na akutake umjibu.

Kongowea ina vibanda vingi vya kaunti, kwa hiyo hili nilitaje mapema kwa jirani zako watakaosoma. Upangaji ambao serikali au serikali ya mitaa ni upande mmojawapo hauguswi na sheria hii. Wako unaihusu kwa sababu aliyesaini ni mtu binafsi.

Sasa tarehe. Karatasi yako inazungukwa na tarehe nne na si zote zina uzito.

Tarehe 26 Januari ni siku aliyoiandika. Haianzishi hesabu yoyote. Tarehe 9 Februari, siku uliyoiona wewe, nayo haihesabiwi, na hapa ndipo ningependa uwe makini sana. Sheria inasema notisi ikikabidhiwa mfanyakazi wako aliyeajiriwa hapo dukani, ni sawa na kukabidhiwa wewe mkononi. Mtu mzima wa familia yako vilevile. Kwa hiyo siku ya kupokea ni tarehe 3 Februari, alipoishika kijana wako, hata kama wewe ulikuwa Kilifi huna habari.

Kuanzia hapo hesabu ni nyepesi. Mwezi kwa sheria za Kenya ni mwezi wa kalenda, na siku ya kupokea yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo mwezi wa kujibu unaisha tarehe 3 Machi. Ungehesabu tangu siku uliyoiona ungedhani una hadi tarehe 9 Machi, na ungepeleka jibu likiwa limeshachelewa.

Tarehe ya nne ni 1 Aprili, siku ambayo mwenye nyumba anataka upangaji ukome. Hii inabeba jambo kubwa. Sheria inataka tarehe ya notisi kuanza kufanya kazi iwe si chini ya miezi miwili tangu mpangaji alipoipokea. Kutoka 3 Februari miezi miwili inafika 3 Aprili. Yeye ameandika 1 Aprili. Amepungukiwa na siku mbili. Nadhani alihesabu tangu siku aliyoandika, ambapo angekuwa na nafasi ya kutosha, kisha karatasi ikakaa kwake wiki nzima kabla ya kuletwa.

Upungufu huo ni kasoro halisi. Notisi zimekataliwa kwa kosa la aina hii hii, na sisi tutaitaja. Lakini nakuomba usijilaze juu yake, kwa sababu imesimama juu ya neno moja tu, kwamba karatasi ilifika tarehe 3 Februari. Mwenye nyumba anaweza kuja kusema keyateka wake aliileta tarehe 28 Januari. Ikikubaliwa hivyo, miezi miwili imetimia tarehe 28 Machi, kasoro imekwisha, na mwezi wako wa kujibu nao unaisha tarehe 28 Februari badala ya 3 Machi. Siku chache za ubishi zingekunyang'anya hoja na pia zingekufanya mchelewaji.

Kwa hiyo fanya mawili. Kijana wako aandike leo, kwa mkono wake, nani alimletea karatasi, siku gani, saa ngapi, nani mwingine alikuwepo, na kama alitia sahihi kwenye kitabu chochote. Aweke tarehe na sahihi. Kumbukumbu ya wiki mbili ina nguvu kuliko ya miezi sita. Na pili, jibu lako lifike kwa mwenye nyumba kabla ya tarehe 26 Februari. Ukifanya hivyo, hata akidai aliileta siku ile ile aliyoiandika, utakuwa umejibu ndani ya mwezi.

Jibu lenyewe liwe fupi. Sheria inataka liwe la maandishi, basi, na Kiswahili kinatosha. Andika hivi:

> Kwa (jina la mwenye nyumba).
>
> Kuhusu notisi yako ya tarehe 26 Januari 2026 juu ya duka ninalopanga kwako Kongowea.
>
> Notisi hiyo ililetwa dukani tarehe 3 Februari 2026. Nakujulisha kwamba sikubali kuifuata. Nitalipeleka jambo hili mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara. Kodi nitaendelea kuilipa kama kawaida.
>
> (Jina, sahihi, nambari ya simu, tarehe.)

Usiongeze kitu. Najua mtu ana mengi moyoni baada ya miaka yote hiyo dukani, na adabu yetu inatusukuma tuombe radhi kwanza ndipo tukatae. Nimeona barua za wapangaji zilizoanza vizuri kwa kukataa, zikamalizia kwa kuomba: "basi angalau niongezee hadi Juni." Mstari huo mmoja unasomeka kama umekubali kutoka na mnajadiliana tarehe tu. Wengine hukiri: "ni kweli huchelewa lakini hali ni ngumu." Hapo sababu yake ya pili umemsaidia kuithibitisha. Kama unataka kuzungumza naye kwa upole, na hilo ni jambo zuri, zungumza kando, barua ikiwa imeshafika.

Chapa au andika nakala mbili. Mpelekee yeye mwenyewe au ajenti anayemkusanyia kodi, na kwenye nakala yako apokeaye aandike jina, tarehe na sahihi. Akikataa kusaini, usigombane naye. Nenda posta uitume kwa rejista, uweke risiti, kisha piga picha ya barua na risiti pamoja. Nakala ya WhatsApp ni ya ziada, isichukue nafasi ya karatasi.

Barua hiyo peke yake haizuii notisi. Inafungua mlango wa pili, na mlango huo ndio unaoizuia. Nao ni kupeleka malalamiko kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo kwenye karatasi za Kiingereza utaliona kwa kifupi BPRT. Ni lazima malalamiko yaingie kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye notisi. Kwako ni kabla ya 1 Aprili. Hapa usitumie hesabu yetu ya 3 Aprili hata kidogo. Hoja kwamba tarehe yake ina kasoro tutaitoa ndani ya Jopo, lakini mlango tunaingia kwa tarehe aliyoandika yeye. Mimi ningependa yaingie katikati ya Machi, kwani siku za mwisho mfumo wa mtandaoni ukigoma au stakabadhi ikirudishwa kwa kurekebishwa huna pa kupumulia.

Malalamiko yakishaingia, notisi inasimama. Si kwamba imefutwa, imesimama hadi Jopo lisikize pande zote mbili na liamue. Tarehe 1 Aprili itafika na kupita ukiwa dukani kwako kihalali, hata kama kesi itachukua miezi. Usipojibu, au ukajibu na usiende kwenye Jopo, sheria inasema notisi itafanya kazi siku ile iliyotajwa. Kuna upenyo kwa aliyechelewa, kwani Jopo likiridhika na sababu yake linaweza kumruhusu, tena kwa masharti linayoona yanafaa. Lakini huo ni upenyo wa kuomba, na wewe bado una haki yako mkononi.

Kesi hufunguliwa kupitia mfumo wa Mahakama wa kuwasilisha nyaraka mtandaoni, na saiba nyingi za mjini zimezoea kuwasaidia watu. Utaambatanisha notisi, barua yako ya kukataa pamoja na ushahidi kwamba ilifika, maelezo ya kijana wako, na rekodi ya malipo ya kodi. Ukishapata nambari ya kesi, nakala lazima imfikie mwenye nyumba, kwa sababu asiyejua kwamba kesi ipo anaweza kuja na kufuli tarehe 1 Aprili akiamini ana haki. Unaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Wapangaji wengi hufanya hivyo na husikizwa.

Sasa tuzitazame sababu zake mbili, maana ndizo kesi yenyewe.

Ya kwanza ni kwamba analitaka duka kwa biashara yake. Sababu hiyo imo kwenye sheria, usidhani ameitunga. Lakini sheria inasema yeye mwenyewe, na kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Na mzigo wa kuonyesha nia hiyo ni wake. Jopo litataka kujua ni biashara gani, ameandaa nini, kwa nini duka hili na si lile la pili lililo tupu kama analo. Akisema kwa jumla tu kwamba anataka kufanya biashara, hajafika mbali. Wewe kazi yako ni kukusanya chochote kinachoonyesha nia nyingine. Je, miezi ya karibuni alikuomba uongeze kodi ukakataa? Kuna mtu aliyekuja kupima mlango na kuulizia mita ya umeme? Je, alikutumia ujumbe wowote unaotaja bei mpya? Usifute ujumbe hata mmoja kwenye simu. Mwenye nyumba anayetaka kodi zaidi ana njia yake halali, ni fomu hii hii upande wa kubadili masharti, na Jopo ndilo linaloamua kodi ya haki mkishindwa kuelewana. Akitumia sababu ya biashara yake ili aingize mpangaji wa bei kubwa, nia aliyoiandika si ya kweli.

Ya pili ni kuchelewa kodi, na hapa hesabu ndiyo itakayosema. Sheria inataja mambo mawili: kukaa na deni kwa miezi miwili tangu lilipopaswa kulipwa, au kuchelewa mara kwa mara. Yeye ametumia la pili. Bahati yako ni M-Pesa. Omba taarifa ya malipo ya miaka miwili iliyopita, kisha chukua daftari, kila mwezi mstari wake: tarehe mliyokubaliana, tarehe uliyolipa, kiasi. Tuseme mlikubaliana tarehe 5. Ikiwa kati ya miezi 24 umelipa 21 kufikia tarehe 5, na mitatu ukalipa tarehe 9, 12 na 17, hiyo si tabia ya kuchelewa mara kwa mara, na daftari lako litalionyesha hilo bila wewe kupandisha sauti. Lakini ikiwa karibu kila mwezi umelipa baada ya tarehe 15, nitakwambia ukweli, sababu yake ina miguu. Tutaweza kusema kwamba alipokea miaka yote bila kulalamika, na hoja hiyo husaidia, ila si ngao kamili. Niletee daftari hilo kabla hatujaandika malalamiko, hata kama halipendezi. Ni heri tulione sisi kwanza kuliko kulisikia kutoka upande wa pili.

Wajibu wako katika kipindi hiki chote ni rahisi kuutaja, na ni mgumu kuutimiza kwa mtu aliyekasirika. Kodi ilipwe, yote, mapema. Kesi haisimamishi kodi. Kuna mazoea ya wapangaji kusema: "tuko kortini, nitalipa tukimaliza," au "akate kwenye depositi yangu." Ukifanya hivyo miezi miwili, utakuwa umempa sababu ya tatu, ile ya deni la miezi miwili, na hiyo ni nzito kuliko zote mbili alizo nazo sasa. Lipa kwa nambari ile ile unayoijua. Akikwambia ubadilishe nambari, mwambie akuandikie. Akizirudisha fedha ili aseme hukulipa, na wapo wanaofanya hivyo, hifadhi ujumbe wa kurudishwa, weka fedha kando, na tulijulishe Jopo mara moja. Linaweza kuamuru kodi iwe ikiwekwa kwake hadi kesi iishe.

Zaidi ya kodi, kaa dukani kama ulivyokaa siku zote. Usivunje ukuta, usimkodishie fundi mwingine kona ya duka bila ruhusa, usigeuze kazi kuwa nyingine. Kila badiliko sasa litasomwa dhidi yako.

Naye ana mipaka yake. Hawezi kulipiga duka kufuli, kung'oa mlango, wala kukata umeme ili ukimbie. Akithubutu, piga picha, andika saa, chukua majina ya mashahidi, tuombe amri ya dharura. Vilevile hawezi kukuletea dalali akachukua cherehani zako kwa madai ya kodi kwa uamuzi wake mwenyewe. Kwa upangaji unaolindwa kama wako, ruhusa ya kukamata mali kwa sababu ya kodi hutolewa na Jopo. Dalali akifika, muulize kwa utulivu akuonyeshe amri, ipige picha, soma jina la aliyeitoa na nambari ya kesi. Kama hana karatasi hiyo, mwambie mbele ya majirani kwamba kuna kesi na umtajie nambari yake. Ndiyo maana nambari hiyo uiandike uibandike ukutani dukani, kijana wako aione hata siku usiyokuwepo.

Nimeyajibu haya yote kwa duka lako. Jirani mwenye notisi ya nyumba ya kulala asiyatumie. Nyumba za kuishi zina sheria nyingine, na hata kati yake zile za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi zina jopo lao. Na kama wewe mwenyewe uliwahi kutia sahihi karatasi yoyote tangu 2017, hata ukurasa mmoja ulioambiwa ni wa usajili tu, nitumie picha yake pia. Mkataba wa zaidi ya miaka mitano usio na kifungu cha kuuvunja mapema ungetutoa nje ya Sura ya 301, na ningelazimika kukupa jibu jingine.

Siku ya kusikizwa, Jopo linaweza kuikataa notisi, linaweza kuikubali likataja tarehe ya kutoka, au mnaweza kupatana na mapatano yenu yakaandikwa kuwa amri. Likikataa, mwenye nyumba haruhusiwi kukuletea notisi nyingine kwa sababu zile zile hadi miezi 12 ipite, isipokuwa Jopo lenyewe litaje muda mfupi zaidi. Likikubali, una siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na siku hizo zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Kwa hiyo siku hiyo uwepo, au awepo mtu wako, na usitoke kabla ya kuandika tarehe.